Macho Yanayosoma

Zima sauti ya video yoyote ambayo mtu anazungumza akiitazama kamera, kisha umwangalie macho tu. Kama anasoma, utamgundua ndani ya sekunde chache. Mboni zinakwenda upande mmoja kwa hatua ndogondogo, zikifika mwisho zinaruka kurudi zilikotoka, halafu zinaanza tena. Mtazamaji wa kawaida hazimi sauti wala hachunguzi mboni za mtu, lakini ile miruko anaiona hata asipoweza kuitaja. Atakachosema ni kwamba mzungumzaji amekariri, au hana uhakika na anachosema, au anaficha jambo. Jicho la binadamu lina weupe mwingi unaoonekana kuizunguka mboni, na weupe huo ndio unaofanya mtu ajulikane anatazama wapi, hata kwenye skrini ya simu.

Lawama huangukia promta, kile kifaa kinachomwonyesha msemaji maneno wakati anarekodiwa. Kwa miaka niliyofanya kazi ya kuwarekodi watu wasio watangazaji, wauguzi, walimu, maofisa wa kilimo, nimeona kosa likiwa mara nyingi katika mambo mawili: kamera imewekwa wapi, na maneno yameandikwaje. Hayo mawili yakikaa vizuri, hata programu ya bure kwenye tableti inatosha. Yakikaa vibaya, studio ya mamilioni haisaidii.

Kifaa chenyewe hakina miujiza. Mbele ya lenzi husimamishwa kioo kilichoinamishwa kwa nyuzi 45. Chini ya kioo kuna skrini inayotazama juu, na maandishi yake yamegeuzwa ili yakiakisiwa yasomeke sawasawa. Kioo kimepakwa utando unaorudisha sehemu ya mwanga, mara nyingi kama asilimia 30, na kupitisha unaobaki. Msemaji anaona maneno yakielea mbele ya lenzi. Lenzi iliyo nyuma ya kioo inamwona msemaji na haiyaoni maneno. Pengo kati ya kioo na kamera hufunikwa kwa kitambaa cheusi. Kikilegea, mwanga wa chumba huingia kwa nyuma na picha hupauka, kwa hiyo ukiona uso umefifia kama uko nyuma ya moshi, angalia kitambaa kabla ya kugusa mipangilio ya kamera.

Hapo mwanzo haikuwa hivi. Mwaka 1950 huko Marekani, mwigizaji Fred Barton, mhandisi Hubert Schlafly na Irving Kahn wa kampuni ya filamu ya 20th Century Fox walitoa kifaa cha karatasi iliyoviringishwa na kuzungushwa na mota, kikawekwa pembeni mwa kamera ili waigizaji wa televisheni wasisahau maneno yao. Aliyekisoma alitazama pembeni, na watu walimwona. Mtayarishaji Jess Oppenheimer, yule wa vichekesho vya I Love Lucy, ndiye aliyepata hataza ya mfumo wa kuyaleta maneno kwenye kioo mbele ya lenzi. Mtu angedhani tatizo la macho liliishia hapo. Halikuisha, kwa sababu hata maneno yakiwa mbele kabisa ya lenzi, mstari una upana, na jicho lazima lisafiri kutoka mwanzo wake hadi mwisho.

Safari hiyo inapimika. Chukua tableti ya inchi 10 iliyolazwa, maandishi yakiwa yameenea upana wa sentimita 20, na msemaji amekaa sentimita 80 kutoka kwenye kioo. Macho yake yatageuka nyuzi kama 14 kwa kila mstari. Huko ni kugeuka kunakoonekana na mtu yeyote. Sasa usibadilishe kitu isipokuwa umbali: rudisha kamera na promta nyuma hadi mita mbili na nusu. Mstari uleule unadai nyuzi zisizofika 5. Kisha punguza upana wa maandishi yenyewe, yabane katikati ya skrini yawe sentimita 12 tu. Macho yanageuka chini ya nyuzi 3, na hapo hata mimi ninayejua la kutafuta napata shida kuona.

Watu wengi hufanya kinyume. Kwa kuogopa kwamba msemaji hataona maneno, wanamsogezea kamera karibu, na wanatandaza maandishi skrini nzima. Uso unakuwa mkubwa, pua inatangulia mbele, na macho yanahangaika. Ukirudi nyuma, tumia lenzi ya kuvuta ili uso ubaki na ukubwa uleule kwenye picha. Na kwenye simu tumia ile kamera ya nyuma ya kuvutia kama ipo, maana kuvuta kwa vidole kunapunguza ubora wa picha. Lipo deni moja tu la kulipa: kamera ikienda mbali, maiki yake inakwenda mbali nayo, na sauti inakuja na mwangwi wa ukuta. Mbandike msemaji maiki ndogo kifuani.

Na anayejirekodi peke yake kwa simu, asiye na kioo wala stendi maalumu? Yeye anasoma maneno kwenye skrini ileile yenye kamera ya mbele, na lenzi iko pembezoni mwa skrini. Hapa kuna jambo ambalo Milton Chen wa Chuo Kikuu cha Stanford alilionyesha mwaka 2002 alipochunguza mawasiliano ya video: mtazamaji ni mvumilivu zaidi macho ya mwenzake yanapokuwa chini kidogo ya lenzi kuliko yanapokuwa kushoto, kulia au juu yake. Aliye chini kidogo bado anaonekana anakutazama. Aliye pembeni kidogo anaonekana anamtazama mtu mwingine. Kwa hiyo simu ikisimamishwa wima, lenzi ikiwa juu na maandishi yakiwa yamebanwa kwenye kisanduku chembamba chini yake tu, mambo yanaweza kukubalika. Ukiilaza simu hiyohiyo, lenzi inahamia ubavuni na maandishi yanabaki katikati, na hapo ndipo huzaliwa zile video ambazo mtu mwaminifu kabisa anaonekana kama mwongo. Kama ni lazima uilaze, visogeze visanduku vya maneno hadi ukingo ule wenye lenzi, na uiweke simu mbali kuliko urefu wa mkono wako.

Sasa maneno. Mfano ninaoupenda ni wa bwana shamba mmoja, mtu mzima, aliyekuja kurekodi dakika mbili juu ya kuhifadhi mahindi yasiliwe na dumuzi. Ana uzoefu mkubwa, na ukimkuta shambani utamsikiliza bila kuchoka. Ofisi ilikuwa imemwandikia hivi:

"Inashauriwa kwamba mahindi yahifadhiwe katika mifuko isiyopitisha hewa baada ya kuhakikisha kuwa kiwango cha unyevu wa punje kimeshuka hadi kufikia 13.5% au chini ya hapo."

Alipoisoma, macho hayakuwa tatizo kubwa, kwa sababu kamera tulikwishairudisha nyuma. Tatizo lilikuwa sauti. Kila mwisho wa mstari sauti ilishuka kama vile sentensi imekwisha, kisha ikapanda tena bila sababu. Alipofika kwenye 13.5% alisita, akasema "kumi na tatu nukta", akanyamaza, akamalizia "tano asilimia". Hiki ndicho kipimo cha pili ninachokitumia: cha kwanza ni kutazama bila sauti, cha pili ni kusikiliza bila picha. Ukifumba macho na ukaweza kusema mistari inaishia wapi, skripti haijawa tayari.

Dawa yake haikuwa kumwambia achangamke. Nilizima kamera nikamuuliza swali moja: "Mzee, mkulima akikuuliza atajuaje mahindi yake yamekauka, unamwambia nini?" Akajibu palepale, na vidole vikawa vinaonyesha. Mmoja wetu aliandika alichosema jinsi alivyokisema, na hicho ndicho tulichokiweka kwenye promta:

"Mahindi yako yamekauka? Usibahatishe. Chukua chupa kavu yenye kifuniko. Tia punje, tia na chumvi kavu kidogo. Funga, tikisa vizuri, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda ubavuni mwa chupa, mahindi bado ni mabichi. Yarudishe juani."

Unyevu wa asilimia 13 na nusu umepotea, na haupo wa kuulilia, kwa kuwa mkulima wa kawaida hana kipimo cha kuusoma na chupa anayo. Maneno hayo yana faida nyingine ya kimitambo. Kiswahili hupakia mengi ndani ya neno moja. "Yahifadhiwe" na "kuhakikisha" hula nafasi kubwa, na kwenye mstari wa sentimita 12 wenye herufi zinazosomeka kutoka mita mbili na nusu yanaingia maneno mawili au matatu tu. Kanuni zilizoandikwa kwa ajili ya Kiingereza hutaja maneno mengi zaidi kwa mstari, na anayezifuata kwa Kiswahili hujikuta amepunguza herufi mpaka msemaji anakunja uso kuzisoma. Ni heri mistari iwe mifupi na mingi.

Mahali pa kukata mstari nako kuna adabu yake. Usiache "ya" au "wa" mwishoni mwa mstari na neno lake likaanza mstari unaofuata, maana msemaji atapumua kati yao na msikilizaji atasikia "ubavuni mwa", kimya, "chupa". Kata pale ambapo mtu angepumua. Tarakimu ziandike kwa maneno jinsi zitakavyotamkwa: badala ya "Sh 1,250,000/=" andika "shilingi milioni moja na robo", na badala ya "10:00 a.m." andika "saa nne asubuhi". Vifupisho vya ofisi vifungue vyote. Usiandike kwa herufi kubwa tupu, kwa sababu maneno yakiwa yote na kimo kimoja jicho linayachukua polepole zaidi. Na ukimaliza wazo moja acha mstari mtupu. Nafasi hiyo tupu ndiyo itakayomruhusu msemaji aache kutazama lenzi na bado ajue pa kurudi.

Hilo la kuacha kutazama lenzi linawashangaza wengi. Wanadhani kukaza macho kwenye kamera mwanzo hadi mwisho ndiko kumtazama mtazamaji. Jaribu kumfanyia hivyo jirani yako mkiongea, uone atakavyojisogeza. Mtu anapowaza huondoa macho kidogo, anapotaja kitu hukitazama, kisha hurudi kwa mwenzake. Bwana shamba wetu tulimpa chupa mkononi. Aliposema "tikisa" aliitikisa na kuitazama, akaona chumvi imeganda, akarudi kwenye lenzi kumalizia. Katika dakika mbili alifanya hivyo mara chache tu, na kila mara macho yalipata sababu ya kuondoka na sababu ya kurudi. Kupepesa pia kulirudi. Anayesoma kwa hofu ya kupotea husahau kupepesa na shingo yake hukakamaa, na ukikakamaa hivyo hakuna upana wa mstari utakaokuokoa.

Ili aweze kuitazama chupa bila wasiwasi, lazima awepo mtu anayesogeza maandishi na kumngoja. Yule dada aliyekuwa kwenye gurudumu la promta siku ile alimwambia neno ambalo kila mwendeshaji angefaa kulisema mapema: "Baba, ukinyamaza na mimi nanyamaza. Usinikimbilie." Msemaji haifuati promta; promta inamfuata msemaji. Mwendeshaji huuweka mstari unaosomwa usawa wa katikati ya lenzi na kuhakikisha haushuki wala haupandi hapo, hivyo macho hayatembei juu chini. Anasikiliza pumzi zaidi ya anavyotazama maneno. Msemaji akirudia neno, anasimama. Akiongeza la kwake, anamngojea alipoachia.

Programu zinazosogeza maandishi kwa kasi moja isiyobadilika ndizo zinazowaharibu watu. Mwendo wowote utakaouchagua utakuwa wa pole sana kwenye sentensi nyepesi na wa haraka mno penye jina gumu, na msemaji atajifunza kuogopa kunyamaza. Dalili yake ni pumzi inayovutwa katikati ya sentensi badala ya mwisho wake. Kama uko peke yako, tafuta rimoti ndogo ya mkononi au pedali ya mguuni, usogeze mwenyewe.

Kisha kuna siku maneno yasipokuja kabisa. Tarehe 22 Septemba 1993 Rais Bill Clinton alisimama mbele ya Bunge la Marekani kuhutubia juu ya mpango wa afya, na kwenye promta kukawa kumewekwa hotuba nyingine, ile aliyoitoa bungeni hapo Februari. Promta zake hazikuwa za kwenye kamera. Zilikuwa vile vioo viwili vyembamba vinavyosimama kushoto na kulia kwa jukwaa, ambavyo msikilizaji wa upande wa pili huona kama kioo kitupu. Aliendelea kwa dakika kama saba akitegemea kumbukumbu na karatasi zake mpaka hotuba sahihi ilipopatikana. Aliweza kwa sababu jambo lenyewe alikuwa nalo kichwani na karatasi zilikuwa mbele yake. Zile karatasi unazoziona mezani kwa wasomaji wa habari zina kazi hiyohiyo. Nami sirekodi kwa promta bila nakala iliyochapwa, yenye kurasa zilizopewa namba, ikiwa karibu na mkono wa msemaji.

Hadi hapa nimesema kana kwamba promta ndiyo njia ya kila mtu. Sivyo ninavyoamini. Mtu anayelijua jambo lake na kulisema kila siku huwa bora zaidi kwa kadi, na hata huyo bwana shamba sehemu ya pili ya video yake tuliirekodi hivyo. Kadi ni karatasi ngumu iliyoandikwa kwa kalamu nene, inayoshikwa na mtu chini ya lenzi kabisa, ukingo wake wa juu ukiwa karibu uiguse. Watu huishika pembeni kwa sababu ni rahisi kusimama hapo, na matokeo yake ni yaleyale ya simu iliyolazwa. Kwenye kadi usiandike sentensi. Sentensi ikiwepo, mtu ataisoma, na macho yatasafiri. Andika maneno manne au matano yanayoamsha jambo: "mfuko", "funga mara tatu", "usiufungue ovyo", "panya". Kwa kila neno bwana shamba alikuwa na maelezo ya nusu dakika, na akayatoa kwa lugha yake.

Kadi za mkononi ni jambo jingine, na huko haifai kuficha kitu. Mtazamaji anaziona, na hajali, mradi sheria moja itunzwe: usiseme wakati macho yako kwenye kadi. Shusha macho ukiwa kimya, chukua wazo, inua macho, tazama lenzi, ndipo useme. Ukimya huo kwa anayeongea ni mrefu wa kutisha. Kwa anayetazama ni mtu anayefikiri. Kinachoudhi ni kuanza sentensi ukiwa umeinama na kuinua macho katikati, au kuwahi kuinama kabla ya neno la mwisho, kwa maana sauti nayo inaanguka sakafuni pamoja na macho.

Kadi zina kikomo chake. Penye dozi ya dawa, kifungu cha sheria, jina la mtu au namba ya simu, kumbukumbu haitoshi na kubahatisha kunadhuru. Hapo nachagua promta bila kusita. Mara nyingi nachanganya: ufunguzi na vile vipande vinavyodai usahihi vinasomwa kwenye promta, katikati kunaongewa kwa kadi. Wanaohariri video wanalijua tatizo linaloweza kuzuka, yaani mtu mmoja kuonekana ana sauti mbili. Huepukwa kwa kuanza kurekodi sehemu ya kadi. Mtu akishaongea kwa lugha yake dakika kumi, ulimi umelainika, na akija kusoma husoma kwa mwendo ule aliokuwa akiongea nao.

Miwani inataka dakika moja ya uangalizi. Skrini ya promta na taa hujiakisi kwenye vioo vyake na kuyafunika macho ambayo umehangaika kuyaweka sawa. Pandisha taa juu zaidi na uzipeleke ubavuni, kisha inamisha miwani kidogo kwa kuinua mikono yake juu ya masikio. Mwenye miwani ya kusomea sehemu ya chini atakuwa akiinua kidevu kutafuta maneno; kwa umbali wa mita mbili na nusu muulize kama anaona kwa sehemu ya juu, mara nyingi anaona, na kidevu kinashuka chenyewe.

Mwisho wa kila kipande mwombe msemaji abaki akitazama lenzi sekunde tatu baada ya neno la mwisho, mdomo umefungwa, bila kumgeukia mtu. Karibu wote, maneno yakiisha tu, macho yao hukimbilia kwa mwendeshaji kuuliza kama imekwenda vizuri, na mhariri hukosa mahali pa kukata.